Hisabati na kusoma: kuchanganua kando, kujumlisha, au kupima kwa pamoja?

Mtafiti anayeshika data za shule za msingi mara nyingi hukuta kwamba kila mwanafunzi ana alama zaidi ya moja. Katika tafiti za SACMEQ, kwa mfano, wanafunzi wa darasa la sita kutoka nchi za kusini na mashariki mwa Afrika walipimwa kusoma na hisabati, na alama zao zikawekwa kwenye mizani ambayo katika awamu ya pili ilikuwa na wastani wa 500 na mkengeuko sanifu wa 100. Swali la mtafiti huwa la kawaida: je, kuwa na kitabu cha kiada, kuwa msichana, au kuzungumza nyumbani lugha inayotumika darasani kunahusiana na alama hizo? Ugumu unaanzia kwenye hizo alama kuwa mbili. Anaweza kufanya regresheni ya hisabati na regresheni ya kusoma, kila moja kivyake. Anaweza kujumlisha alama mbili na kufanya regresheni moja ya jumla. Anaweza pia kufanya regresheni ya matokeo mengi, ambayo huziweka alama zote mbili upande wa kushoto wa mlinganyo, kisha akapima kwa jaribio la pamoja kama kigeu fulani kina athari yoyote.

Makala haya yanalinganisha njia hizo kwa mtu ambaye tayari anaijua regresheni ya kawaida na anataka kuamua ipi imfae. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: njia hizi hazishindani kwa ubora, kwa sababu kila moja hujibu swali lake, na jaribio la pamoja, ambalo wengi huliona kuwa la kitaalamu zaidi, hushindwa kuona athari halisi katika hali ambayo ni ya kawaida kabisa katika elimu.

Kisichobadilika

Jambo la kwanza linalowashangaza wanaoanza ni kwamba regresheni ya matokeo mengi haibadilishi makadirio. Ikiwa hisabati na kusoma zinaelezwa na vigeu vilevile, na wanafunzi ni walewale katika milinganyo yote miwili, basi vizigeu vya hisabati vitatoka sawasawa na vile ambavyo ungevipata kwa kuichanganua hisabati peke yake, na makosa sanifu yatakuwa yaleyale. Thamani za p za kila mstari hazisogei. Anayetumia njia hii akitarajia makadirio sahihi zaidi ya athari ya kitabu kwenye hisabati amejisumbua bure, kwa kuwa regresheni mbili za kawaida zingempa jibu hilohilo.

Kinachoongezeka ni kitu kimoja tu, nacho ni kujua jinsi makadirio ya milinganyo miwili yanavyohusiana. Mwanafunzi aliyefanya vizuri kuliko tulivyotarajia katika hisabati kwa kawaida hufanya vizuri kuliko tulivyotarajia katika kusoma pia. Yaani mabaki ya milinganyo miwili yanakwenda pamoja. Vigeu vya maelezo vikiwa vilevile, kiwango cha uhusiano wa mabaki ndicho hasa kiwango cha uhusiano kati ya kizigeu cha kitabu katika hisabati na kizigeu cha kitabu katika kusoma. Regresheni mbili zilizofanywa kando haziipi programu namba hiyo, na bila hiyo haiwezekani kusema kwa usahihi kama vizigeu viwili vinatofautiana, wala kama vyote viwili kwa pamoja viko mbali na sifuri kiasi cha kutosha.

Ikumbukwe kwamba tunazungumzia uhusiano wa mabaki, ambao si sawa na uhusiano wa alama zenyewe. Alama zinaweza kuhusiana kwa nguvu kwa sababu tu watoto wa nyumba zenye uwezo hufanya vizuri katika masomo yote. Hali ya nyumbani ikiingizwa kwenye mlinganyo, uhusiano uliobaki unaweza kuwa mdogo zaidi. Huo uliobaki ndio unaoamua jaribio la pamoja litafanyaje kazi.

Mfano mmoja kwa namba

Tuchukue data za kubuni, zilizowekwa ziwe nyepesi kukokotoa. Wanafunzi ni 400 wa darasa la sita, alama zikiwa kwenye mizani ya wastani 500. Vigeu vya maelezo ni vitatu, kila kimoja kikiwa ndiyo au hapana: mwanafunzi ana kitabu chake mwenyewe, ni msichana, na anazungumza Kiswahili nyumbani. Hiki cha mwisho kina maana Tanzania Bara, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali na ambako mtihani wa SACMEQ ulifanywa kwa Kiswahili. Tuseme kosa sanifu la kila kizigeu ni alama 10, na uhusiano wa mabaki ya hisabati na kusoma ni 0.6.

| Kigeu | Hisabati | Kusoma | p ya jaribio la pamoja | p ya jumla | p ya tofauti |
|---|---|---|---|---|---|
| Kitabu chake | +18 | +18 | 0.13 | 0.044 | 1.00 |
| Msichana | −9 | +16 | 0.02 | 0.70 | 0.005 |
| Kiswahili nyumbani | +15 | +23 | 0.07 | 0.03 | 0.37 |

Kwa kuwa kosa sanifu ni 10, kila kizigeu kinageuzwa kuwa z kwa kukigawa kwa 10. Tukiita thamani hizo z1 na z2, na uhusiano wa mabaki r, jaribio la pamoja kwa kigeu kimoja hukokotolewa hivi:

```
(z1^2 + z2^2 - 2*r*z1*z2) / (1 - r^2)
```

Kwa sampuli kubwa jibu hulinganishwa na mgawanyo wa khi-mraba wenye digrii huru 2, ambao kwa kiwango cha 0.05 unadai thamani izidi 5.99. Programu hutumia F badala yake, lakini kwa wanafunzi 400 tofauti ni ndogo mno kubadili uamuzi wowote hapa.

Kitabu: jaribio la pamoja linaposhindwa kuona

Kitabu kinaambatana na alama 18 zaidi katika hisabati na 18 zaidi katika kusoma. Kila kimoja kina z ya 1.8 na p ya takriban 0.07, hivyo anayechanganua kando hatapata kitu kwa kiwango cha 0.05. Wengi wangetarajia kwamba ushahidi wa aina mbili ukiwekwa pamoja utapata nguvu. Tukiingiza namba kwenye fomula, tunapata 2.592 kugawanywa kwa 0.64, yaani 4.05, ambayo iko chini ya 5.99. Jaribio la pamoja linatoa p ya 0.13, dhaifu kuliko majaribio ya kando yenyewe.

Sababu ni kwamba mabaki yanahusiana. Ikiwa kwa bahati tu kundi lenye vitabu liliangukiwa na wanafunzi wazuri kidogo, bahati hiyo ingeonekana katika hisabati na katika kusoma vilevile. Alama mbili zinazoelekea upande mmoja ni kama mashahidi wawili waliosimuliwa na mtu mmoja: wa pili hajaongeza mengi juu ya wa kwanza. Kama mabaki yasingehusiana hata kidogo, fomula ingetoa 6.48 na p ya 0.039, na kitabu kingepita.

Sasa tazama jumla. Mtafiti akijumlisha alama mbili za kila mwanafunzi na kufanya regresheni moja, kizigeu cha kitabu kinakuwa 36, na kosa sanifu la jumla linakuwa kipeuo cha pili cha 100 + 100 + 2 × 0.6 × 100, yaani kipeuo cha pili cha 320, ambacho ni karibu 17.9. Thamani ya z ni 2.01 na p ni 0.044. Njia nyepesi kabisa, ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina jina kubwa, imeona kile ambacho jaribio la pamoja limekikosa.

Hakuna muujiza katika hilo. Jaribio la pamoja linauliza kama vizigeu viwili viko mbali na sifuri kwa upande wowote ule: vyote juu, vyote chini, au kimoja juu na kingine chini. Linagawa nguvu yake kwa pande zote. Jumla inauliza upande mmoja tu, na athari ikiwa kweli iko upande huo, nguvu yote inatumika hapo. Kwa vitabu, walimu au madawati, ambapo kuna sababu ya kutarajia kwamba masomo yote yatanufaika, swali la jumla ndilo la kuuliza, ilimradi mtafiti ameliamua kabla ya kuona matokeo. Anayejaribu jaribio la pamoja kwanza, kisha akaigeukia jumla baada ya kukosa, hana tena haki ya kuiita p hiyo 0.044.

Msichana: jaribio la pamoja linapoona kisichoonekana

Kigeu cha pili kinaonyesha kinyume chake. Wasichana wako alama 9 chini katika hisabati na alama 16 juu katika kusoma. Thamani za z ni −0.9 na 1.6, na p ni 0.37 na 0.11. Mtafiti wa kando angeandika kwamba jinsia haina uhusiano na ufaulu, akaendelea na mambo mengine. Wa jumla angeandika hivyohivyo kwa uhakika zaidi, kwa sababu jumla ni alama 7 tu na p yake ni 0.70, kupanda kwa somo moja kumefuta kushuka kwa jingine.

Jaribio la pamoja, hata hivyo, linatoa 7.97 na p ya 0.02. Hapa z mbili zina alama tofauti, kwa hiyo sehemu ya fomula yenye r inaongeza badala ya kupunguza: 2.56 + 0.81 + 1.728 ni 5.098, na ikigawanywa kwa 0.64 inafika 7.97. Kwa maneno mengine, katika ulimwengu ambamo hisabati na kusoma hupanda na kushuka pamoja, ni nadra kukuta kwa bahati kundi ambalo moja imepanda na nyingine imeshuka. Unadra huo ndio ushahidi, na anayetazama somo moja moja hauoni.

Msomaji makini atauliza nini hasa kimegunduliwa. Jaribio la pamoja likipita, linasema tu kwamba angalau kizigeu kimoja kati ya viwili si sifuri, halisemi kipi. Ripoti inayosema kwamba jaribio la pamoja limethibitisha wasichana wako chini katika hisabati imevuka mipaka, kwa kuwa p ya hisabati bado ni 0.37. Kinachoweza kusemwa kinatoka kwenye jaribio la tofauti: pengo la jinsia katika hisabati si sawa na pengo la jinsia katika kusoma. Tofauti ni −25, kosa lake sanifu ni kipeuo cha pili cha 100 + 100 − 120, yaani 8.94, na z ni −2.80. Hilo ni jibu lenye maana ya kielimu, na mara nyingi ndilo mtafiti alilolitaka tangu mwanzo.

Kuna njia ya mkato ambayo inafaa ijulikane. Ukichukua kwa kila mwanafunzi alama ya hisabati ukaitoa alama ya kusoma, kisha ukafanya regresheni ya kawaida ya tofauti hiyo kwa vigeu vilevile, utapata jaribio hilohilo la tofauti, kwa kizigeu na kosa sanifu lilelile. Hata mtu ambaye programu yake haina regresheni ya matokeo mengi anaweza kulifanya. Makosa sanifu yakiwa sawa katika masomo yote mawili, kama hapa, jumla na tofauti, regresheni mbili za kawaida, tayari zimebeba habari yote ambayo jaribio la pamoja linaitumia, ila zimeitenganisha katika maswali mawili yanayoeleweka.

Kiswahili nyumbani: kosa la kulinganisha p mbili

Kigeu cha tatu nakileta kwa sababu ya kosa moja ambalo huonekana mara kwa mara katika ripoti. Kuzungumza Kiswahili nyumbani kunaambatana na alama 23 katika kusoma (z ya 2.3, p ya 0.02) na alama 15 katika hisabati (z ya 1.5, p ya 0.13). Mwandishi anaona nyota kwenye kusoma, haoni nyota kwenye hisabati, na anahitimisha kwamba lugha ya nyumbani inahusiana na kusoma kuliko hisabati. Hitimisho hilo lina mvuto, maana linaonekana kuwa la akili, lakini data hizi haziliungi mkono. Tofauti ni alama 8, kosa lake sanifu ni 8.94, na p ni 0.37. Moja kuvuka kizingiti na nyingine kutokivuka hakuthibitishi kwamba zinatofautiana. Tofauti hupimwa yenyewe.

Hapo pia ndipo swali la mizani linapojitokeza. Jaribio la tofauti linachukulia kwamba alama moja ya hisabati inalingana na alama moja ya kusoma. Kuweka mitihani yote miwili kwenye wastani wa 500 na mkengeuko wa 100 kunasaidia, lakini hakumalizi tatizo. Mtihani usioaminika sana, wenye bahati nasibu nyingi ndani yake, una mkengeuko uliovimbishwa na bahati hiyo, kwa hiyo athari ileile itaonekana ndogo ikipimwa kwa mikengeuko. Anayedai kwamba athari katika kusoma ni kubwa kuliko katika hisabati anapaswa kwanza kutazama viwango vya kuaminika vya mitihani yote miwili. Jaribio la pamoja halina udhaifu huo: ukizidisha alama za hisabati kwa namba yoyote isiyo sifuri, p yake haibadiliki.

Kuandika amri

Katika R, mfano wetu unaandikwa hivi:

```
m <- lm(cbind(hisabati, kusoma) ~ kitabu + msichana + kiswahili, data = d)
cor(residuals(m))
car::Anova(m)
summary(lm(I(hisabati - kusoma) ~ kitabu + msichana + kiswahili, data = d))
```

Mstari wa pili ndio wa kutazama kabla ya yote, kwa kuwa unatoa uhusiano wa mabaki. Katika mstari wa tatu nimetumia `car::Anova` kwa makusudi. Amri ya kawaida ya `anova` kwa modeli moja huingiza vigeu kimoja baada ya kingine, hivyo jaribio la kitabu linafanywa kabla ya jinsia na lugha kuzingatiwa, na ukibadilisha mpangilio wa vigeu majibu hubadilika. Dalili ya tatizo hilo ni kwamba p ya kigeu cha mwisho tu ndiyo inayolingana na ile ya `car::Anova`.

Katika Stata:

```
mvreg hisabati kusoma = kitabu msichana kiswahili, corr
test kitabu
test [hisabati]msichana = [kusoma]msichana
```

Programu nyingi zitakuletea takwimu nne kwa kila jaribio la pamoja: ya Wilks, ya Pillai, ya Hotelling na Lawley, na ya Roy. Kwa kigeu chenye kizigeu kimoja katika kila mlinganyo, kama vyetu vitatu, zote nne hutoa F ileile na p ileile, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Zinaanza kutofautiana pale kigeu kinapokuwa na makundi zaidi ya mawili, kwa mfano mkoa. Hapo mimi huchukua ya Pillai, kwa kuwa ndiyo inayovumilia zaidi makundi yasiyo na mtawanyiko sawa.

Vigeu vinapotofautiana kati ya milinganyo

Hadi hapa hisabati na kusoma zimeelezwa na vigeu vilevile. Tuseme sasa dodoso liliuliza kando kama mwanafunzi ana kitabu cha hisabati na kama ana kitabu cha kusoma, na mtafiti anataka cha hisabati kiingie kwenye mlinganyo wa hisabati tu, na cha kusoma kwenye wa kusoma tu. Regresheni ya matokeo mengi haiwezi kufanya hivyo. Njia inayofaa ni ile ya Arnold Zellner ya mwaka 1962, ambayo Stata huiita `sureg` na R huitoa katika kifurushi cha `systemfit`. Njia hii hukadiria milinganyo yote kwa mpigo na kutumia uhusiano wa mabaki, na hapa, tofauti na mwanzo, makadirio yenyewe hubadilika na makosa sanifu yanaweza kupungua. Faida ni kubwa pale mabaki yanapohusiana sana na vigeu vya milinganyo visipofanana sana.

Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kukiondoa kitabu cha kusoma kwenye mlinganyo wa hisabati ni kudai kwamba hakina uhusiano wowote na hisabati baada ya vigeu vingine kuzingatiwa. Dai hilo likiwa si kweli, na kwa mtoto anayehitaji kusoma ili aelewe maswali ya mafumbo huenda si kweli, kosa la mlinganyo mmoja linavuja na kuharibu makadirio ya mwingine. Regresheni za kando zina kinga hiyo: mlinganyo mbovu hauambukizi mwenzake. Ningependekeza kuviweka vitabu vyote viwili katika milinganyo yote miwili, isipokuwa pale ambapo kuna sababu nzito ya kuviondoa. Ukifanya hivyo unarudi kwenye regresheni ya matokeo mengi ya kawaida.

Shule na alama zilizokosekana

Data za shule zina mambo mawili ambayo mfano wetu umeyafumbia macho. La kwanza ni kwamba wanafunzi hawakuchaguliwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Zilichaguliwa shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule. Wanafunzi wa shule moja hufanana, na kosa sanifu lisilozingatia hilo huwa dogo kuliko inavyostahili. Amri ya `mvreg` haikubali makosa sanifu ya makundi. Anayetaka kubaki na vizigeu vya kawaida lakini apate makosa sanifu yanayoheshimu shule anaweza kuziunganisha regresheni mbili baada ya kuzifanya:

```
regress hisabati kitabu msichana kiswahili
estimates store H
regress kusoma kitabu msichana kiswahili
estimates store K
suest H K, vce(cluster shule)
test ([H_mean]kitabu=0) ([K_mean]kitabu=0)
test [H_mean]msichana = [K_mean]msichana
```

Kwa data nyingi za shule, hii ndiyo njia ningeanza nayo kabla ya `mvreg`, kwa sababu inatoa majaribio yote mawili, la pamoja na la tofauti, bila kudai kwamba mabaki yana mtawanyiko sawa kila mahali. Shule zikiwa chache, tuseme chini ya thelathini au arobaini, makosa sanifu ya makundi yenyewe huwa hayaaminiki, na hapo ni heri kutumia modeli inayozitaja shule waziwazi.

La pili ni wanafunzi waliokosa mtihani mmoja. Ikiwa wanafunzi 40 kati ya 400 hawakuwepo siku ya hisabati, regresheni ya matokeo mengi itawaacha kabisa, hata alama zao za kusoma, na kubaki na 360. Regresheni za kando zitatumia 400 kwa kusoma na 360 kwa hisabati, na ule usawa wa makadirio niliouelezea mwanzoni utavunjika. Ukiona vizigeu vya kusoma havilingani kati ya njia mbili, tazama kwanza idadi ya wanafunzi iliyoandikwa kwenye matokeo ya kila amri. Karibu kila mara jibu liko hapo.

Dawa yake ni kuipanga data upya kwa urefu, ili kila mwanafunzi awe na mstari mmoja kwa kila somo alilopimwa, kisha kutumia modeli mchanganyiko:

```
library(nlme)
lme(alama ~ 0 + somo + somo:(kitabu + msichana + kiswahili),
    random = ~ 0 + somo | shule,
    correlation = corSymm(form = ~ zamu | shule/mwanafunzi),
    weights = varIdent(form = ~ 1 | somo),
    data = refu, na.action = na.omit)
```

Hapa `zamu` ni 1 kwa hisabati na 2 kwa kusoma. Modeli hii inampa kila mwanafunzi aliyepimwa hata somo moja nafasi ya kuchangia, inaziruhusu shule zitofautiane kwa kila somo, na inakadiria uhusiano wa mabaki ndani ya mwanafunzi. Ikiwa waliokosa hisabati ni wale waliokuwa dhaifu katika kusoma, alama zao za kusoma zinaiwezesha modeli kurekebisha makadirio ya hisabati, jambo ambalo regresheni ya hisabati peke yake haiwezi. Lakini ikiwa walikosa kwa sababu walijua hisabati itawashinda, na kusoma kwao hakuonyeshi hilo, hata modeli hii haitaokoa kitu.

Njia zote hizi zinahitaji alama ambazo zinaweza kuchukuliwa kuwa endelevu. Data za tathmini ya Uwezo, ambazo humpanga mtoto kwa hatua kama kusoma neno, aya au hadithi, hazifai kuingizwa hapa kana kwamba hatua hizo ni namba zenye umbali sawa. Kwa data za namna hiyo, milinganyo ya kila somo inapaswa kuwa ya matokeo yenye mpangilio, `ologit` badala ya `regress`. Amri ya `suest` inaweza kuiunganisha na kulifanya jaribio la pamoja kwa hatua zilezile. Jaribio la tofauti, kinyume chake, linakuwa gumu kutafsiri, kwa kuwa kizigeu cha kila somo kimepimwa kwa mtawanyiko wa mabaki ya somo hilo wenyewe, ambao hauonekani popote katika matokeo.